Mwanamke Aliyefutwa Ufukweni

Jalada la The Economist la Juni 19, 2010, lilimshika msomaji hata kabla hajafungua jarida. Barack Obama, wakati huo rais wa Marekani, amesimama peke yake ufukweni katika jimbo la Louisiana. Kichwa amekiinamisha, macho kayatupa mchangani. Nyuma yake ni maji ya Ghuba ya Meksiko, na kwa mbali, kwenye upeo wa macho, umesimama mtambo wa mafuta. Miezi miwili kabla ya hapo, Aprili 20, mtambo mwingine wa ghuba hiyohiyo, Deepwater Horizon, ulilipuka na kuua wafanyakazi 11, na mpaka jalada linachapwa kisima chake kilikuwa bado kinamwaga mafuta baharini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa picha ile inasema nini. Ilikuwa picha ya mtu aliyeelemewa, aliyeachiwa mzigo wote peke yake.

Ila Obama hakuwa peke yake pale. Picha hiyo ilipigwa Mei 28 na Larry Downing wa shirika la habari la Reuters, na aliyoipiga ilikuwa na watu watatu. Upande mmoja wa rais alisimama Admirali Thad Allen wa Walinzi wa Pwani, aliyekuwa akiongoza juhudi za serikali za kupambana na mafuta yaliyomwagika. Upande wa pili alisimama mwanamke. Admirali aliondoka kwa njia ya kawaida ya vyumba vya habari, picha ilipokatwa pembeni. Yule mwanamke hakukatwa. Alifutwa, na pale alipokuwa amesimama pakawekwa bahari.

Kumfuta mtu aliyesimama mbele ya bahari ni kazi nyepesi kwa fundi wa picha. Ukuta wa matofali una mistari inayodai kuungana. Umati una nyuso na mabega yaliyopandana. Maji, mchanga na mbingu havidai mengi. Kwa kawaida fundi huifungua picha kwenye Photoshop, huweka tabaka jipya juu yake ili picha halisi isiguswe, kisha huchukua kifaa kiitwacho Clone Stamp. Anashikilia kitufe cha Alt na kubonyeza mahali penye maji matupu, na kifaa kinayanakili maji hayo. Akianza kupaka juu ya mtu, mawimbi yanamla kidogokidogo: bega linakwenda, mkono unafuata, kiuno kinayeyuka. Akifika kwenye mstari unaotenganisha bahari na mbingu, anapunguza brashi na kuivuta picha karibu mara tatu au nne, kwa sababu mstari ule ukipinda kidogo tu jicho litaudaka hata kama msomaji hatajua kilichomsumbua ni nini.

Pagumu ni pale mwili wa anayefutwa unapogusana na wa anayebaki. Kama kiwiko kimeziba sehemu ya shati la jirani, chini ya kiwiko hicho hakuna shati. Kamera haikuliona. Fundi analazimika kulibuni kitambaa, mikunjo yake na kivuli chake. Halafu kuna miguuni. Mtu akiondoka lazima aondoke na kivuli chake na alama za nyayo zake, la sivyo mchanga utabaki unamtaja.

Mwaka huohuo wa 2010, kati ya mlipuko wa mtambo na kupigwa kwa picha ya Downing, kampuni ya Adobe ilianza kuuza toleo la CS5 la Photoshop, lililokuja na amri mpya ya Content-Aware Fill. Unamzungushia mtu mstari, unaamuru, kompyuta inatazama kilicho pembeni na kuziba pengo yenyewe. Kazi iliyotaka mkono uliotulia na nusu ya asubuhi ikawa ya sekunde chache. Siku hizi hata simu ya mkononi inaifanya, na mafundi wa picha za harusi wanamwondoa mpita njia mwenye ndoo bila mtu yeyote kuuliza. Picha ya harusi ni mali ya maharusi, wanaweza kuipamba wapendavyo. Picha ya habari haina mwenyewe wa namna hiyo. Msomaji anaipokea kama ushahidi kwamba jambo lilitokea hivyo.

Jicho lililozoea lina mahali pa kutazama. Kwenye maji, linatafuta wimbi lenye povu la umbo moja lililojitokeza mara mbili, kwa sababu brashi hunakili, haiumbi. Linatazama chembechembe ndogo za picha, ambazo hutapakaa sawasawa kila mahali isipokuwa pale palipopakwa. Linatafuta kivuli kisicho na mwenyewe. Lakini ipo alama moja ambayo brashi haiifikii, nayo ni mwili wa aliyebaki. Watu wanaposimama pamoja hupangana: mmoja huelekeza sikio, mwingine hugeuza bega, wa tatu humpisha mwenzake. Ukimwondoa mmoja, waliobaki bado wanamwitikia. Kichwa kilichoinama mbele ya mtu anayezungumza ni kichwa cha msikilizaji, au cha mtu anayeonyeshwa kitu. Kichwa hichohicho, mbele ya bahari tupu, ni cha mtu mwenye huzuni. Hakuna pikseli hata moja ya uso wa Obama iliyoguswa, na bado uso ule ulibadilishiwa maana.

Na mara nyingi siri haitobolewi na jicho, bali na picha ya mtu mwingine. Mwaka 2007 gazeti la Toledo Blade la Ohio lilichapisha ukurasa wa mbele picha ya wachezaji wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Bluffton waliopiga magoti mbele ya mabango ya wenzao watano waliokufa katika ajali ya basi. Wapiga picha kadhaa walikuwa pale na wote wakapiga tukio lilelile. Kwenye magazeti mengine, chini ya bango moja, ilionekana miguu ya mtu aliyevaa jinzi, amesimama nyuma. Kwenye Blade palikuwa na majani tu. Miguu ilikuwa ya mpiga picha mwingine aliyekuwa kazini kama wenzake. Gazeti lilipokagua kazi za mpiga picha wake za tangu Januari mwaka ule, lilikuta picha 79 zilizochezewa, naye alikuwa ameshajiuzulu.

Jalada la The Economist nalo liliumbuliwa kwa njia iyo hiyo. Picha halisi ilikuwa kwenye hifadhi ya Reuters, kila mteja aweza kuiona. Mwanzoni mwa Julai gazeti la New York Times liliziweka picha mbili bega kwa bega na kuuliza kulikoni. Reuters ilijibu kwamba sera yake inakataza picha zake kuongezwa au kupunguzwa kitu bila ruhusa. Kisha akajibu mhariri mwenyewe, Emma Duncan, naibu mhariri wa jarida, na kwa hilo anastahili heshima, maana hakujificha nyuma ya fundi wala hakusingizia bahati mbaya. Alikiri kwamba mwanamke yule alifutwa na kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Akaeleza sababu: hakutaka kumfanya rais aonekane mpweke, wala hakuwa na ajenda ya kisiasa. Alitaka msomaji amtazame Obama, na aliona kwamba mwanamke asiyejulikana angewachanganya wasomaji. Akaongeza kuwa makala yenyewe haikuhusu madhara aliyoyapata Obama. Ilihusu madhara yaliyoifika biashara ya Marekani.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomrudisha mtu kwenye picha kutazama upya. Mwanamke asiyejulikana alikuwa nani?

Aliitwa Charlotte Randolph, na jina lake lilikuwa kwenye maelezo yaliyoambatana na picha. Alikuwa rais wa parokia ya Lafourche. Neno hilo lisimpoteze msomaji aliyezoea parokia ya padri: Louisiana ilitawaliwa na Wafaransa kisha Wahispania, wote Wakatoliki, na mpaka leo wilaya za jimbo hilo huitwa parokia ingawa hazina uhusiano wowote na kanisa. Rais wa parokia ni kiongozi anayechaguliwa kwa kura kuendesha wilaya. Ufukwe waliosimama, Fourchon, uko ndani ya Lafourche. Kwa maneno mengine, kati ya wale watatu, mwenyeji alikuwa yeye. Rais alikuwa mgeni, na admirali alikuwa mgeni.

Hapo Fourchon si ufukwe wa kupunga upepo. Kando yake kuna bandari ya Port Fourchon, ambayo ndiyo ghala na karakana ya mitambo ya kina kirefu katika Ghuba ya Meksiko. Meli za huduma hutoka pale na mabomba, matope ya kuchorongea, dizeli, maji na chakula cha wafanyakazi, kisha hurudi na vyuma vya kukarabatiwa. Mtu wa Lafourche asipokuwa mvuvi wa kamba, kuna uwezekano mkubwa kwamba anaendesha meli hizo, anachomelea vyuma vyake au anawapikia mabaharia wake. Mafuta yaliyomwagika yaliwafungia bahari wavuvi. Kisha Mei 27, siku moja kabla ya picha kupigwa, Obama alitangaza kusimamisha kwa miezi sita uchimbaji mpya wa kina kirefu, hatua iliyogusa visima 33 vilivyokuwa vikichorongwa. Serikali ilikuwa na sababu nzito: watu 11 wamekufa, kisima hakizibiki, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba mtambo unaofuata hautalipuka. Lakini kwa Lafourche, hatua hiyo ilimaanisha kwamba aliyenusurika na mafuta angepigwa na amri.

Randolph alilisema hilo hadharani, tena kwa ukali, katika wiki zilizofuata. Hoja yake ilikuwa kwamba rais alipotafuta wa kumwadhibu, adhabu ilikuwa imewaangukia watu wake badala ya waliosababisha ajali. Mwanamke yule, basi, hakuwa mpita njia. Alikuwepo kwa sababu ufukwe ulikuwa wa wilaya yake, wavuvi walikuwa wapiga kura wake, na ajira zilizokuwa zinaning'inia zilikuwa za watu wake. Makala ya jarida ilitaka kueleza hasara inayozidi ile ya mafuta yenyewe, hasara ya biashara na riziki. Kati ya watu watatu waliokuwa kwenye picha, mmoja tu ndiye aliyekuwa akiwasemea waliokuwa wakiipata hasara hiyo, na ndiye aliyefutwa ili msomaji asichanganyikiwe.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo sheria za kazi hazilifikii vizuri. Sheria zenyewe ni kali. Miezi mitatu tu kabla ya jalada lile, Machi 2010, shindano la World Press Photo lilimnyang'anya mpiga picha Stepan Rudik tuzo yake. Alikuwa amepiga picha Kiev, mkono wa mpiganaji wa mitaani ukifungwa bendeji. Picha aliyoanza nayo ilikuwa pana na ya rangi. Aliikata ikabaki sehemu ndogo tu, akaigeuza nyeusi na nyeupe, akaitia giza na chembechembe mpaka ikafanana na ya zamani. Yote hayo majaji waliyaruhusu. Kilichomponza ni kipande cha mguu wa mtu wa nyuma, kilichokuwa kikichungulia kando ya vidole, alichokiondoa kwa brashi. Mguu mdogo usio na habari yoyote ndani yake.

Watu wengi waliona ajabu: amekata robo tatu ya picha na watu waliokuwamo, hakuna neno, kagusa mguu mmoja kaadhibiwa. Lakini mstari ule una mantiki. Anayekata picha anapunguza dirisha, ila kinachoonekana dirishani bado ndicho kilichokuwapo. Anayefuta anatengeneza kisichokuwapo, yaani bahari pale palipokuwa na mwanamke. Bila mstari huo hakuna mhariri atakayeweza kumhakikishia msomaji kitu. Na wahariri hawatoshelezwi na maneno. Mashindano makubwa hudai faili ghafi kutoka kwenye kamera, ambalo halijapita mkononi mwa fundi, kisha hulilinganisha na picha iliyowasilishwa. Katika shindano la 2015 la World Press Photo, takriban asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya mwisho kasoro moja ziliondolewa baada ya ukaguzi wa namna hiyo.

Hata hivyo mkasi unaoruhusiwa unaweza kumdhulumu mtu sawasawa na brashi inayokatazwa. Admirali Allen aliondolewa kwa mkasi na hakuna aliyelalamika, kwani kutokuwapo kwake hakukubadili mengi. Miaka kumi baadaye mkasi huohuo uliangukia mtu wa Kampala.

Januari 24, 2020, wasichana watano walisimama pamoja kupigwa picha mjini Davos, Uswisi, ambako wakuu wa nchi na matajiri hukutana kila mwaka. Walikuwa Greta Thunberg na Isabelle Axelsson wa Sweden, Luisa Neubauer wa Ujerumani, Loukina Tille wa Uswisi, na Vanessa Nakate wa Uganda, aliyekuwa na umri wa miaka 23. Wote watano walikuwa wametoka kuzungumza na waandishi wa habari kuhusu tabianchi. Nakate alisimama mwisho kabisa, upande wa kushoto. Nyuma ya wengine kulikuwa na milima yenye theluji. Nyuma yake yeye kulikuwa na jengo.

Picha iliyosambazwa na shirika la Associated Press ilikuwa na wasichana wanne na milima. Nakate alipoiona alijirekodi video akilia na kuuliza kwa nini yeye ndiye aliyeondolewa, Mwafrika pekee kati ya watano. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza maishani ameelewa maana ya neno ubaguzi wa rangi, na kwamba hawakufuta picha tu, wamefuta bara zima. Shirika lilieleza kwamba mpiga picha alikuwa akikimbizana na muda na aliikata picha kwa sababu jengo lile liliharibu mandhari. Baadaye mhariri mkuu mtendaji, Sally Buzbee, aliomba radhi.

Maelezo ya jengo yawezekana kabisa ni ya kweli, na hilo ndilo linaloyafanya yawe mazito. Mpiga picha aliyetazama jengo alitazama vizuri, mistari yake kweli inagongana na milima. Asichokitazama ni kwa nini mtu yule alisimama mbele ya jengo hilo. Nakate alianza kusimama barabarani Kampala na bango lake mnamo Januari 2019, akiwa na ndugu zake wachache, katika nchi ambayo maporomoko ya udongo na mafuriko vinajulikana kwa majina ya vijiji vilivyopotea. Alikuwa akipaza sauti kuhusu kuteketea kwa misitu ya Bonde la Kongo wakati ambapo macho ya dunia yalikuwa Amazoni na Australia. Alikwenda Davos kusema kwamba wanaoumia kwanza wako Afrika. Ukimtoa kwenye picha, mkutano ule unakuwa wa wasichana wa Ulaya wanaozungumzia hofu ya kesho. Akiwamo, unakuwa na mtu ambaye kwao kesho hiyo imeshafika.

Kinga dhidi ya kosa hili haihitaji mtambo. Kila picha ya shirika la habari hufika mezani ikiwa na maelezo yaliyofungwa ndani ya faili, na kwenye Photoshop yanasomeka kwa kufungua File, kisha File Info. Pale hukaa majina, vyeo, mahali na siku. Mhariri wa picha aliyezoea kazi huyasoma kabla ya kushika mkasi, kisha hurudi kumtazama kila mtu aliyetajwa. Kama jina halipo, anampigia mpiga picha. Kama sura ya pembeni inavuruga jalada, anaomba picha nyingine ya tukio hilohilo, kwa kuwa mpiga picha wa shirika hupiga nyingi pahali pamoja. Na kama kweli anataka rais aliyesimama peke yake mbele ya bahari, anampa kazi mchoraji, na kila anayeona mchoro atajua kwamba ni mchoro.

Associated Press iliiondoa picha ya wanne na kusambaza nyingine zenye wote watano. Kitabu alichokitoa Nakate mwaka 2021 alikipa jina lenye maana ya picha iliyo kubwa zaidi. Katika picha ile pana anaonekana pembeni kushoto, amevaa koti, pamoja na wenzake. Jengo liko palepale nyuma yake, na halimzuii mtu kuona chochote.